Bei Ionekane Kwanza

Pita Kariakoo asubuhi uwasikilize wamachinga. Mwenye meza ya fulana hatangulizi jina lake, wala hasimulii alianza lini biashara. Spika yake inarudia maneno yale yale kutwa nzima: fulana buku tatu, fulana buku tatu. Kitu na bei, basi. Mpita njia ambaye bado hajaiona hata hiyo meza ameshajua kama apunguze mwendo au aendelee na safari yake.

Sasa pokea kipeperushi cha duka la mtaa huo huo. Juu kabisa kuna jina la duka, limechukua theluthi ya karatasi, lina kivuli na mng'aro wa dhahabu. Linafuata tangazo refu la kuwakaribisha wateja wote wapya na wa zamani. Zinakuja picha sita, orodha ya bidhaa zote zilizomo dukani, namba nne za simu na lipa namba za mitandao yote. Bei ya ofa imo, lakini imebanwa ndani ya nyota nyekundu kwenye kona ya chini, kwa herufi zinazolingana na za anwani. Mwenye duka amelipia uchapaji, amemlipa kijana wa kugawa pale kituoni, na aliyepokea amekikunja kabla macho yake hayajaifikia ile nyota.

Kwa kawaida tatizo la karatasi kama hiyo halipo kwenye urembo. Wakati mwingine imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Kinachokosekana ni uamuzi: nini kionwe kwanza, nini kifuate, na nini kisubiri mpaka mtu akitafute mwenyewe.

Jicho halisomi karatasi nzima kwa pigo moja. Nyoosha mkono mbele yako utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho linaliona kwa ukali kamili halizidi sana upana huo. Sehemu nyingine yote inaonekana kwa ukungu, na ndani ya ukungu huo jicho linachagua pa kurukia. Linarukia kilicho kikubwa kuliko jirani zake, kilicho cheusi mahali peupe au cheupe mahali peusi, na kilichokaa peke yake. Neno la kushika hapo ni "jirani". Bei haiwi kubwa kwa sababu umeiwekea pointi 60. Inakuwa kubwa kwa sababu vilivyoizunguka ni vidogo. Ukiikuza bei, halafu ukalikuza na jina la duka, na neno OFA, na picha, umerudi ulikoanzia.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi mpaka mwisho. Duka la vyombo la Mbagala Rangi Tatu linauza jiko la gesi la pleti mbili kwa shilingi 89,000 badala ya 115,000, mpaka tarehe 31 Agosti. Kipeperushi ni cha A5, yaani nusu ya karatasi ya kawaida ya A4: upana milimita 148, urefu milimita 210. Ukiacha ukingo wa milimita 8 kila upande, unabaki na upana wa milimita 132 wa kufanyia kazi.

Kabla ya kugusa kompyuta, mwenye duka na mbunifu wakae na kalamu, waandike kila wanachotaka kiwemo, kisha wakigawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni lile ambalo mtu akiliona peke yake anajua kama jambo linamhusu: jiko la gesi la pleti mbili, 89,000. Fungu la pili ni la mtu aliyekwisha kuvutiwa: bei ya zamani, mwisho wa ofa, duka liko wapi, apige namba gani. Fungu la tatu ni la mtu anayejiandaa kuja: saa za kufungua, lipa namba, kwamba mpira na regulata vinauzwa pembeni. Kitu ambacho hakikupata fungu hakina kazi kwenye karatasi hii. Ile orodha ya masufuria, feni na pasi inaondoka. Salamu ndefu inaondoka. Namba nne za simu zinabaki moja, ile inayopokelewa.

Mabishano makali huanza kwenye jina la duka. Mwenye duka analiona jina lake kama uso wake, na ni haki yake kulipenda. Lakini mpita njia asiyelijua duka hawezi kuvutwa na jina ambalo hajawahi kulisikia. Atalihitaji baadaye, akishaamua kulitafuta duka, na hapo atalifuata hata likiwa chini kabisa, mradi limekaa pamoja na anwani. Duka lenye jina kubwa mjini, ambalo watu wanaliamini kwa bidhaa halisi, ndilo linaloweza kulipandisha jina fungu la pili, karibu na bei. Kulipandisha juu ya bei sishauri hata hapo.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe, maana hapa ndipo nafasi nyingi inapopotea bila mtu kujua. Tumezoea kuandika "TSh 89,000/=" kwa herufi za saizi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitumia fonti nene ya kawaida kama Arial Bold, maandishi hayo yote kwa pamoja yanajaza upana wetu wa milimita 132 yakiwa na pointi 61 hivi. Tarakimu zinapata kimo cha milimita 15. Ondoa ile "/=" na ile "TSh", ubakize 89,000 peke yake. Upana ule ule sasa unabeba pointi 120, na tarakimu zinasimama milimita 30. Bei imekua maradufu na karatasi haijaongezeka hata kidogo. "TSh" hatuitupi. Tunaiweka juu kushoto mwa tarakimu ikiwa ndogo, pointi 20 zinatosha, kwa kuwa hakuna mteja wa Mbagala atakayedhani unamtajia dola.

Milimita 30 zina maana gani kwa anayeangalia? Wachora mabango wana kipimo chao cha zamani: herufi yenye kimo cha inchi moja, yaani milimita 25, inasomeka vizuri kutoka futi kumi, ambazo ni mita tatu. Kwa hiyo tarakimu zetu zinasomeka karatasi ikiwa bado mkononi mwa kijana anayegawa, au ikiwa imebandikwa mlangoni na mteja yuko upande wa pili wa kibaraza. Zile za milimita 15 zinamtaka asogee mpaka mita mbili kasoro. Ofa nyingi hupotea katika umbali huo mdogo.

Chagua fonti ambayo tarakimu zake zinasimama sawasawa. Kuna fonti, Georgia ikiwa mojawapo, ambazo tarakimu zake zimeundwa kwa ajili ya kitabu: sifuri ni fupi kama herufi ndogo, tisa inashuka chini ya mstari, nane inapanda. Kwenye aya ya maandishi zinapendeza. Kwenye bei zinakupa 89,000 inayopanda na kushuka, na zile sifuri tatu zinaonekana ndogo kuliko nane na tisa. Andika 0123456789 kwa fonti unayoitaka kabla hujaanza kazi, utaona mara moja. Bei ndefu, kama 1,250,000, inahitaji fonti nyembamba iliyo nene, mfano Anton au Oswald, ili tarakimu zirefuke bila kutoka nje ya karatasi.

Jina la bidhaa linafuata. Liandike "Jiko la gesi pleti mbili" kwa mistari miwili, pointi 40. Ni theluthi moja ya bei, na tofauti hiyo ni ya makusudi. Wabunifu wengi wanaoanza hupishanisha saizi kwa woga, 48 hapa, 40 pale, 36 kule, na jicho likifika linakuta vitu vitatu vinavyogombana. Ngazi moja ikishuka kwenda nyingine, ishuke kwa nusu au karibu na nusu. Kwetu bei ina 120, bidhaa 40, tarehe ya mwisho na mahali 18, mengine 10. Hapo hakuna anayeuliza aanze wapi.

Jina la bidhaa na bei vikae jirani kabisa, kimoja juu ya kingine, bila picha kupita katikati. Nimeona vipeperushi vyenye bei kubwa ya kuridhisha huku bidhaa ikiwa upande wa pili wa karatasi, na msomaji akabaki na tarakimu ambayo hajui ni ya nini. Katika mfano wetu mistari miwili ya bidhaa inakaa juu, kisha bei ya zamani, kisha 89,000, ambayo inaanzia kama sentimita 6 kutoka juu na kuishia karibu na sentimita 9. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu ya mikono. Mtu akishika karatasi hii, kidole gumba chake kinafunika sehemu ya chini. Akiikunja katikati aitie mfukoni, mkunjo unapita sentimita 10.5, na bei inabaki nzima juu ya mkunjo. Picha ya jiko inakaa chini ya bei.

Picha iwe moja. Iondolewe mandhari ya nyuma, ili jiko lisimame peke yake na umbo lake lionekane kwa mbali. Ukiweka picha ya mtu, angalia anatazama wapi, kwa sababu sisi binadamu hufuata macho ya mwenzetu. Mama anayetabasamu huku akitazama nje ya karatasi anamtoa msomaji nje pamoja naye. Mgeuze aitazame bei.

Bei ya zamani ina kazi ndogo lakini ya lazima: inampa mteja kipimo. "115,000" iandikwe juu ya bei mpya kwa pointi 22 na ikatwe kwa mstari mmoja mwembamba, usioficha tarakimu. Ikikatwa kwa msalaba mnene mwekundu, msalaba unageuka kitu kinachoonekana kuliko vyote, na jicho linatua kwenye bei usiyoiuza. Watu huuliza kama waandike asilimia. Punguzo letu ni asilimia 22 na ushei, nami ningeandika "Unaokoa 26,000". Mteja anahesabu kwa shilingi, na asilimia inamtaka afanye hesabu barabarani, kwenye jua, dala dala ikiwa inapiga honi.

Nafasi tupu ndiyo silaha inayoogopwa zaidi. Mwenye duka akiona sentimita moja nyeupe kuzunguka bei, anaona mahali ambapo pangeingia feni. Mbunifu ashikilie msimamo. Sentimita hiyo moja kila upande ndiyo inayoitenga bei na majirani zake, na ikijazwa, tarakimu za pointi 120 zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Ikiwa duka lina ofa kumi kweli, zichapwe kwenye A4, na bado ofa moja ipewe nusu nzima ya juu. Tisa zilizobaki zipangwe chini kwa vyumba vinavyolingana, kila kimoja na picha yake, jina lake na bei yake. Ofa bora ndiyo inayomleta mtu dukani, na hizo nyingine atazikuta huko huko.

Rangi inahitaji uangalifu kwa sababu inadanganya kwenye kioo cha kompyuta. Nyekundu juu ya bluu inaonekana kali, lakini rangi hizo mbili zina giza linalokaribiana, na kingo za herufi zinaanza kutetemeka machoni. Njano juu ya nyeupe inapotea kabisa. Kinachoifanya bei isomeke ni tofauti ya mwanga na giza, kwa hiyo chukua rangi moja kali na uitumie mahali pamoja tu. Kwenye mfano wetu ni kisanduku cha njano nyuma ya tarakimu nyeusi, na karatasi iliyobaki ni nyeupe na nyeusi. Njano hiyo hiyo ikitiwa kwenye jina la duka, kwenye ukingo na kwenye nyota mbili za "OFA KABAMBE", bei inapoteza alama yake ya pekee.

Kuna sababu nyingine ya kupenda njano na nyeusi, nayo ni fotokopi. Nakala za rangi zikiisha, mtu wa dukani huenda steshenari akatoa nyingine mia kwa rangi nyeusi. Mashine ya fotokopi huigeuza nyekundu kuwa kijivu kizito kinachokaribia nyeusi, na bei nyeusi iliyokuwa juu ya nyekundu inazama humo. Njano inatoka kijivu hafifu au nyeupe, na tarakimu zinabaki wazi. Kama ni lazima utumie nyekundu, weka tarakimu nyeupe juu yake. Jaribio ni la dakika moja: itoe kazi yako kwa nyeusi na nyeupe kabla ya kuipeleka kiwandani.

Ukiwa hapo, fanya na majaribio mengine mawili. La kwanza, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu au nne, fumba macho nusu mpaka kila kitu kiwe ukungu. Kinachobaki kinaonekana ndicho cha kwanza kwa mteja, utake usitake. La pili, mwite mtu asiyehusika, mwoneshe karatasi kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, igeuze, umuulize ameona nini. Jibu lake linakueleza ugonjwa uliopo. Akitaja jina la duka, jina ni kubwa mno. Akisema rangi zinapendeza, mandhari imeishinda bei. Akitaja 89,000 lakini hajui ya nini, bidhaa iko mbali na bei au ni ndogo mno. Akisema "jiko la gesi, elfu themanini na tisa", iache kama ilivyo, hata kama mwenye duka anataka kuongeza kanyota kamoja.

Siku hizi karatasi hiyo hiyo inapigwa picha na kutumwa kwenye makundi na status za WhatsApp, na huko inabanwa. Upana wa sentimita 14.8 unashuka kufikia sentimita 6 hivi kwenye simu ya kawaida, yaani kila kitu kinapungua hadi asilimia 40. Tarakimu zetu za milimita 30 zinabaki milimita 12, bado zinaonekana vizuri. Jina la bidhaa linakuwa kama pointi 16, linasomeka. Yale maandishi ya pointi 10 yanakuwa pointi 4, hakuna anayeyasoma. Kwa toleo la simu, basi, fungu la tatu liondolewe kwenye picha na liandikwe kama ujumbe wa kawaida chini yake. Namba ya simu hasa iandikwe hivyo, ili mteja aiguse na kupiga.

Kwa mchapaji, mambo mawili tu. Kama rangi ya kisanduku inafika kwenye ukingo, izidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiyumba utaona ukanda mweupe. Na maandishi madogo yote yawe meusi kwa wino mweusi peke yake, kwa kuwa yakichanganywa wino nne na sahani zikahama kidogo, namba ya simu inatoka na kivuli.

Linabaki suala la masharti. Nguvu ya kuamua nini kionekane kwanza ni pia nguvu ya kuamua nini kifichwe, na wapo wanaoitumia hivyo: tarakimu kubwa kama ngumi, na neno "kuanzia" dogo kama chembe ya mchanga. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na hata bila sheria, mteja aliyepanda dala dala kufuata 89,000 akaambiwa ni kwa majiko matano ya kwanza tu hatarudi. Sharti lolote linalobadilisha bei, liwe "kuanzia", "bila mpira na regulata" au "kwa atakayenunua na mtungi", halimo katika fungu la tatu hata kama umbo la karatasi lingependeza zaidi likiwa huko. Liandikwe chini tu ya tarakimu, kwa pointi 18, sawa na tarehe ya mwisho wa ofa.